Menyu yenye dola na shilingi: ulichouliza kuhusu kiwango, na kilichobadilika

*"Habari za kazi, mwalimu. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba 14 hapa Dodoma, upande wa Kisasa, pamoja na mgahawa mdogo. Menyu na orodha yangu ya bei za vyumba zina safu mbili, dola na shilingi. Wiki iliyopita mgeni aliyetoka kuangalia michoro ya kale ya miambani ya Kolo aligomba mapokezi, akasema chumba kimeandikwa dola 40 lakini ametozwa 46. Nataka kuchapisha upya. Nimekutumia picha ya orodha, kiwango chetu cha kubadilishia na gharama zangu. Niandikeje kanuni ya kubadilisha fedha ili iwe ya haki na watu wasigombane?"*

Salama, dada yangu. Usichapishe kwanza. Safu ya dola uliyonayo kwenye menyu hairuhusiwi tena, hata ukiiandikia kanuni nzuri namna gani. Mwishoni mwa Machi 2025 zilitoka Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, Tangazo la Serikali Na. 198. Zinakataza kutangaza au kupanga bei ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kulipa au kupokea malipo yake kwa fedha hizo, na kumkatalia mtu anayetaka kulipa kwa shilingi. Kuna misamaha, kama ya shughuli za kibalozi na maduka yasiyotozwa ushuru, lakini mgahawa wa Kisasa haumo.

Najua safu hizo mbili zilikotoka, na hukukosea kuziweka wakati ule. Kuanzia Januari 2018 agizo la Serikali lilikuwa kwamba bei zote ziwe kwa shilingi, ila kwa wateja wasio wakazi wa Tanzania mtu aliweza kuonyesha sarafu mbili kwa sharti kwamba kiwango alichotumia kiwe wazi na kisizidi cha soko. Nyumba nyingi za wageni ziliishika nusu ya kwanza ya ruhusa hiyo zikaiacha ya pili. Dola na shilingi zikapangwa bega kwa bega, kiwango kikabaki kwenye kikaratasi nyuma ya kaunta. Mimi mwenyewe nilipokuwa keshia katika hoteli moja, kiwango chetu kiliandikwa kwa penseli kwenye kipande cha boksi la sabuni, na kilikuwa kikifutwa na kuandikwa upya kulingana na sura ya mgeni. Siyo jambo la kujivunia.

Sasa turudi kwa mgeni wako, kwa sababu ugomvi wake una mafunzo utakayoyahitaji hata dola ikishatoka kwenye menyu. Chukua kikokotoo, shika ile orodha uliyonitumia picha, kisha gawanya shilingi kwa dola katika kila mstari. Chumba ni dola 40 na shilingi 110,000, kwa hiyo dola moja umeihesabu 2,750. Kuku nusu na ndizi ni dola 10 na shilingi 30,000, na hapo dola imekuwa 3,000. Gari la kwenda Kolo na kurudi ni dola 120 na shilingi 300,000, yaani 2,500. Orodha moja, dola tatu tofauti. Menyu ya haki ya zama zile ungeigawanya ukapata namba moja kila mstari, ukiacha shilingi mbili tatu za kufanya bei iwe mviringo.

Naamini hukukusudia wizi. Kwa kawaida inatokea hivi: bei ya dola inawekwa mara moja, ya shilingi inasogezwa kila dola inapopanda, halafu dola ikishuka hakuna anayekumbuka kuirudisha. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2023 dola ilikuwa imetulia kwenye 2,300 na kitu. Chumba cha dola 40 wakati huo kilikuwa kama shilingi 92,000. Baadaye dola ikapanda, katikati ya 2025 ikakaribia 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikarudi chini ya 2,500. Bei yako ya shilingi ilipanda nayo ngazi zote, ila haikushuka nayo.

Sasa angalia lililotokea mapokezi. Tuchukulie siku hiyo benki ilikuwa inanunua dola kwa 2,460 na kuiuza kwa 2,520. Keshia wako hakuangalia ile 40. Aliangalia 110,000, akaigawanya kwa kiwango cha nyumba, ambacho umeniambia ni 2,400. Jibu ni 45.83, naye akachukua dola 46. Ukizipeleka benki dola 46 unapata shilingi 113,160. Dola 40 alizozisoma mgeni zingekupa 98,400. Tofauti ni 14,760 kwa usiku mmoja, na imetokana na viwango viwili vilivyovutwa upande wako vyote: cha juu ulipogeuza dola kuwa shilingi kwenye karatasi, cha chini ulipogeuza shilingi kuwa dola kwenye kaunta. Mgeni hakujua mahesabu haya yote, ila alijua 40 na 46 si kitu kimoja. Alikuwa na haki ya kugomba.

Hapo pia kuna kosa la pili ambalo huenda hukuliona. Nyumba inayopokea noti za dola na kurudisha chenji ya shilingi kwa kiwango chake yenyewe inafanya kazi ya duka la kubadilishia fedha, na kazi hiyo ina leseni yake ya Benki Kuu. Keshia wako hana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupata bei mpya za shilingi. Watu wengi wanafanya njia ya mkato: wanachukua safu ya dola, wanazidisha kwa kiwango cha leo, wanachapisha. Usifanye hivyo. Ukifanya, umeifuta dola machoni lakini umeiacha ndani ya bei, na mwezi ujao utaanza kujiuliza upya kama upandishe. Jiulize kwanza gharama zako zinalipwa kwa fedha gani. Kuku wako anatoka Singida, ndizi unanunua sokoni Majengo, mishahara, maji na umeme wa LUKU vyote unalipa kwa shilingi. Hata mvinyo unaowauzia wageni kwa dola 8 chupa, zabibu zake zimelimwa hapahapa Dodoma! Hakuna sababu yoyote ya bei ya chupa ile kucheza ngoma ya Marekani. Vitu vichache tu kwako ndivyo vinavyofuata dola kwa karibu: mafuta ya gari la Kolo, pombe kali za nje, labda vipuri vya kiyoyozi. Bei za vitu hivyo zipitie kila baada ya miezi mitatu. Za chakula na vyumba zipange kwa gharama zako na faida unayoitaka, kisha uziache zitulie.

Kwa chumba, tukirudi kwenye mfano, wastani wa kununua na kuuza siku ile ni 2,490, na dola 40 mara 2,490 ni 99,600. Hiyo ichukue kama kipimo cha kuangalia tu, ujue bei uliyozoeleka nayo kwa wageni iko wapi. Gharama zako za chumba, ulivyonipa, zinakubali 105,000 bila shida. Basi andika 105,000. Mgeni anayepiga hesabu kwa simu yake ataona kama dola 42, na hataona namba nyingine ya kuilinganisha nayo kaunta. Viringisha vyumba kwenye elfu na vyakula kwenye mia tano, na uviringishe kwenye bei ya mstari, usiviringishe tena kwenye jumla ya bili. Kama umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, bei iliyochapishwa iwe tayari ina kodi ndani. Mgeni asikutane na nyongeza ya kodi mwisho wa chakula.

Kabla hatujaondoka hapo, kuna jambo umelitaja kwa kificho katika barua yako, nami nitalisema wazi. Safu ya dola mara nyingi ilikuwa ni bei ya mgeni wa kigeni iliyovaa kanzu ya sarafu. Kuku wako wa dola 10 mwenyeji alimla kwa 18,000 akiagiza kwa mdomo. Kanuni za 2025 zinahusu sarafu. Kama unataka kuwa na bei ya mkazi na bei ya asiye mkazi kwenye vyumba, ziandike zote kwa shilingi, na uandike nani ni mkazi, kwa mfano mwenye kitambulisho cha taifa au kibali cha ukaazi. Kwenye chakula mimi nisingeweka bei mbili kabisa. Watu wanakaa meza moja, wanasoma menyu moja.

Chini ya menyu na kwenye ukuta wa mapokezi weka maneno machache, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni wako:

*"Bei zote ni kwa Shilingi ya Tanzania na zimejumlisha kodi. Tunapokea shilingi taslimu, kadi na malipo ya simu. Hatupokei wala hatubadilishi fedha za kigeni. Kiwango cha siku cha Benki Kuu kinapatikana bot.go.tz, benki na maduka ya kubadilishia fedha wana viwango vyao."*

Sentensi ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Tovuti ya Benki Kuu hutoa kila siku namba za kununua, kuuza na wastani. Mgeni akiiona 2,490 pale, kisha dukani akapewa 2,440 kwa noti zake, anaweza kudhani mmemdanganya ninyi mliomwelekeza. Mweleze mapema kwamba anapouza dola anapata kiwango cha kununua, ambacho siku zote ni cha chini, na kwamba noti ndogo za dola 1, 5 au 10, au zilizochakaa, mara nyingi hupewa kiwango cha chini zaidi au hukataliwa kabisa. Hilo si kosa lako, wala huna haja ya kulifidia.

Sasa ile kanuni ya haki uliyoiomba. Haijafa, imehama mahali. Dola haitaingia tena kwako kupitia menyu, ila itaendelea kuingia kwa milango mingine miwili, na huko ndiko unakohitaji maandishi yaliyonyooka.

Mlango wa kwanza ni malipo yanayotumwa kutoka nje kabla wageni hawajafika. Tuseme wakala wa utalii anakuletea kundi la vyumba 6 kwa usiku 3. Bei yako 105,000, jumla 1,890,000. Unataka asilimia 30 kama kishika nafasi, yaani 567,000. Wakala atakuuliza, "Hiyo ni dola ngapi?" Jibu la kitaalamu ni kwamba bei ni shilingi 567,000, na benki yake ndiyo itakayomwambia ni dola ngapi. Mpe namba ya akaunti yako ya shilingi. Dola zikifika, benki yako itazibadilisha kwa kiwango chake cha kununua siku hiyo na kukuwekea shilingi. Kuwa na akaunti ya dola si kosa, lakini kwa kazi hii inakuletea mgogoro usiouhitaji, kwa sababu utabaki na dola mkononi na deni la shilingi kwenye daftari.

Tuseme wakala anagawanya mwenyewe kwa 2,460 anapata 230.49, anatuma dola 231. Njiani benki iliyo kati ya yake na yako inakata dola 20. Zinafika 211, benki inazigeuza kuwa 519,060. Umepungukiwa 47,940. Nani alipe? Kama hukuandika, wakala atasema yeye alituma zote, na kweli alituma. Kama uliandika, hakuna ubishi. Katika barua ya kuthibitisha nafasi weka maneno ya namna hii:

*"Bei ni kwa Shilingi ya Tanzania na haitabadilika kwa tarehe zilizothibitishwa. Malipo yanayotumwa kutoka nje yanahesabiwa kwa kiasi cha shilingi kilichoingia katika akaunti yetu, baada ya makato ya benki, kwa kiwango cha benki cha siku ya kuingia. Tutakutumia nakala ya taarifa ya benki. Kilichopungua kitalipwa kwa shilingi siku ya kufika. Kilichozidi kitapunguzwa kwenye bili."*

Uone maneno hayo yanabana pande zote mbili. Wewe huwezi kuongeza bei dola ikishuka, yeye hawezi kuipunguza dola ikipanda. Kiwango si chako wala chake, ni cha benki, na kina tarehe na ushahidi. Kundi likifika, hata kama dola imeshafika 2,430 au 2,530, salio ni 1,890,000 toa 519,060, yaani 1,370,940, basi. Keshia hana cha kukokotoa.

Kundi likivunja nafasi, rudisha kwa kanuni ileile. Ulipokea shilingi 519,060, unarudisha shilingi 519,060 ukiondoa adhabu ya kuvunja kama uliitaja. Huahidi kurudisha dola 211, kwa sababu ukiahidi hivyo na dola ikapanda kutoka 2,460 hadi 2,600, utatafuta 548,600 kurudisha fedha uliyopokea 519,060. Dola ikishuka wewe ndiye utakayefaidi kwa jasho la mwenzako. Shilingi kwa shilingi ndiyo haki pekee ambayo haimpendelei mtu, mradi umeisema kabla ya fedha kutumwa.

Kama una mkataba wa zamani na wakala uliopangwa kwa dola kabla ya kanuni kuanza, kanuni zilitoa mwaka mmoja wa kuurekebisha. Mwaka huo uliishia Machi 2026. Mkataba wa namna hiyo uandikwe upya kwa shilingi, usiuongezee nyongeza ya dola.

Mlango wa pili ni mashine ya kadi. Baadhi ya mashine zikigundua kadi ni ya nje humuuliza mteja alipe kwa shilingi au kwa fedha ya kwao. Wahudumu wengi, kwa haraka au kwa kudhani wanamrahisishia, wanabonyeza fedha ya kigeni wao wenyewe. Hapo kiwango kinachotumika huwa na nyongeza ya anayetoa huduma hiyo, na mgeni anaiona jioni kwenye simu yake: bili ya shilingi 105,000 aliyoitarajia iwe dola 42 imekuja 45. Lawama zinarudi kwako, ingawa wewe hukupata hata senti. Wafundishe wampe mgeni mashine mkononi, wamwonyeshe swali, na wamwambie kwa ustaarabu kwamba bei yetu ni ya shilingi. Risiti ya mashine ya kadi na risiti ya kodi zifanane namba, zote shilingi.

Na yule anayeingia saa nne usiku Jumapili akiwa na noti za dola tu? Utampata, nisikudanganye. Usimpokelee dola "kwa muda," wala usishike pasipoti yake. Mwandikie bili ya shilingi, mwonyeshe mashine ya kutolea fedha iliyo karibu kwa kadi yake, na kama hana kadi alipe Jumatatu asubuhi benki zikifunguliwa, kabla ya kuondoka. Afadhali zaidi ajue kabla ya kufika: weka mstari mmoja kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi kwamba noti za dola hazipokelewi.

Mwisho, menyu si ile ya karatasi peke yake. Pitia kibao cha barabarani, karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba (hizi husahaulika, na umri wake ni mkubwa kuliko wafanyakazi), picha za menyu ulizoweka mtandaoni, na kurasa za kuuzia vyumba. Kwenye kurasa hizo, sarafu ya msingi ya nyumba yako iwe `TZS`. Mteja wa nje akichagua kutazama kwa dola, mtandao ndio unaomgeuzia kwa kiwango chake. Lakini kama wewe ndiye uliyeingiza 40 kwa `USD`, basi bado unatangaza kwa dola. Ingia leo ukaangalie sehemu ya bei, chumba kimoja baada ya kingine, kwa sababu nimeona nyumba iliyobadilisha vyumba 9 ikasahau cha 10, na ndicho kilichokuwa kinauzika.